Kilo za mhandisi, ndoo za fundi

Karatasi ya vipimo vya zege inayotoka maabara huandikwa kwa kilo. Tuchukue mfano wa zege la msingi ambalo kila mita moja ya ujazo inahitaji saruji kilo 320, mchanga kilo 720, kokoto za milimita 20 kilo 1,150 na maji lita 176. Fundi aliye saiti hana mizani ya kupima kilo 720. Ana ndoo, beleshi na mifuko ya saruji. Wengi wakifika hapo huiweka karatasi kando na kurudi kwenye "moja kwa mbili kwa nne" waliyoizoea, na kazi yote ya maabara inapotea bure. Kinachohitajika ni mizani ya kuazima kwa muuza nafaka, asubuhi moja tu.

Anza na mfuko, kwa sababu mfuko wa kilo 50 tayari umepimwa kiwandani. Kilo 320 ni mifuko 6.4. Gawanya kila kitu kwa 6.4, utapata mahitaji ya mfuko mmoja: mchanga kilo 112.5, kokoto kilo 180 na maji lita 27.5. Saruji yenyewe usiipime kwa ndoo hata kidogo. Vitabu huihesabu kuwa kilo 1.44 kwa lita, lakini saruji iliyomiminwa sasa hivi imejaa hewa na inaweza kuwa kilo 1.2 tu. Ukiamini kitabu, utapima lita 34.7 ukidhani ni kilo 50, kumbe umeweka chini ya kilo 42. Mchanganyiko uende kwa mfuko mzima. Ukitaka nusu, igawe kwa mizani.

Sasa tunahitaji kujua ndoo moja inabeba kilo ngapi za mchanga na ngapi za kokoto. Pima kwanza ndoo yenyewe: tupu, kisha ikiwa imejaa maji hadi ukingoni. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo ujazo halisi, hata kama maandishi ya ubavuni yanasema vingine. Ndoo ya mfano wetu inachukua lita 20 kamili.

Ijaze kokoto kwa beleshi, bila kuitikisa wala kuigonga chini, kisha pitisha ubao ulionyooka juu ya ukingo ili kilele kiondoke. Tuseme kokoto zimepima kilo 29 baada ya kutoa uzito wa ndoo, yaani kilo 1.45 kwa lita. Kilo 180 ukizigawa kwa 1.45 ni lita 124: ndoo sita na kopo moja la rangi la lita 4.

Namba hiyo ya 1.45 ni uzito wa kokoto pamoja na nafasi tupu zilizo katikati yake. Kwenye karatasi ya maabara mara nyingi kuna namba nyingine, ya 2.6 au 2.7, ambayo ni uzito wa jiwe lenyewe bila nafasi hizo. Mhandisi huitumia kuhesabu mita ya ujazo ya zege, lakini haifai kabisa kwa ndoo. Atakayeigawia kilo 180 atapata lita 67 na kuweka karibu nusu tu ya kokoto zinazotakiwa.

Mchanga ndio wenye matatizo. Ukiwa mkavu, ndoo yetu inabeba kilo 31, na kilo 112.5 zingekuwa ndoo 3.6. Lakini mchanga wa saiti ni mara chache uwe mkavu, na maji kidogo huufanya uvimbe. Kila punje hufunikwa na utando mwembamba wa maji unaoishikilia mbali na jirani yake, na rundo lote linachukua nafasi kubwa zaidi. Unyevu wa asilimia 5 hivi unaweza kuongeza ujazo kwa robo, na mchanga laini huvimba kuliko mkubwa. Ajabu ni kwamba ukiuzamisha kabisa, utando huo unakatika na mchanga unashuka karibu na kiwango chake cha ukavu.

Kwa hiyo pima mchanga ule ule utakaotumia, ukiwa na unyevu wake. Tuseme ndoo imepima kilo 26. Chukua gramu 1,050 za mchanga huo, zikaange kwenye sufuria huku ukikoroga hadi zikauke, kisha zipime tena. Zikibaki gramu 1,000, unyevu ni asilimia 5 ya uzito mkavu. Kilo 26 ukigawa kwa 1.05 unapata kilo 24.8 za mchanga mkavu katika kila ndoo. Kilo 112.5 zinakuwa ndoo nne na nusu: ndoo nne kubwa na moja ndogo ya lita 10. Usiongeze tena robo kwa ajili ya kuvimba, maana ndoo uliyoipima ilikuwa imeshavimba. Nimeona hesabu nyingi zikiharibika kwa kuhesabu uvimbe mara mbili.

Mchanga huo umekuja na maji yake pia, lita 5.6 hivi. Yatoe kwenye 27.5, na utakachomimina kwa kila mfuko ni lita 22.

Angalia kinachotokea kwa anayeweka ndoo 3.6 za mchanga mbichi na lita zote 27.5. Ameweka mchanga kilo 90 badala ya 112.5, na maji yake jumla ni lita 32. Uwiano wa maji kwa saruji umepanda kutoka 0.55 hadi 0.64, na zege litakuwa dhaifu ingawa mifuko ni ile ile. Dalili zipo: kokoto zinajitenga, maji yanapanda juu, na baada ya kufungua mbao unaona matundu kwenye kona.

Vipimo hivi havidumu. Mvua ikinyesha usiku, au lori likileta mchanga kutoka shimo jingine, rudia ndoo ya mchanga na sufuria. Kokoto hazibadiliki sana kwa unyevu, ila zikija za ukubwa tofauti zipimwe upya. Mjazaji naye awe mmoja, kwa sababu anayegonga ndoo chini au kuacha kilele anaongeza kilo kadhaa kila safari, na safari za kokoto peke yake ni sita kwa mfuko.

Hesabu yote inaweza kukaguliwa kwenye msingi wenyewe. Mita ya ujazo ikigawanywa kwa mifuko 6.4 ni lita 156 kwa mfuko, kwa hiyo mifuko mitatu inatoa lita 468. Kwenye mtaro wa upana wa sentimita 60 na zege la kina cha sentimita 20, hiyo ni mita 3.9 baada ya kushindiliwa. Weka kijiti mahali hapo kabla ya kumwaga. Zege likifika mita 4.2, kila mita ya ujazo ina saruji kilo 298 badala ya 320: kuna ndoo inayojazwa kupita kiasi, au maji yanayoongezwa kwa jicho. Likiishia mita 3.6, mchanga unapungua, na huenda ni kwa sababu unyevu wake si ule wa siku ulipopimwa.