Maswali na Majibu: Mzazi Anachoruhusiwa na Asichoruhusiwa Langoni mwa Shule Siku za Mtihani wa Darasa la Saba

Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi, unaoendeshwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), hufanyika kwa siku mbili. Katika siku hizo shule huwa ni kituo maalumu cha mtihani, na mamlaka ya shughuli za mtihani kituoni huwa mikononi mwa wasimamizi walioteuliwa. Badiliko hilo ndilo linalowashangaza wazazi wengi wanapofika langoni na kukuta mlango waliouzoea umefungwa. Yafuatayo ni majibu ya maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wazazi na walezi.

Swali: Je, mzazi anaruhusiwa kumsindikiza mtoto shuleni siku ya mtihani?

Jibu: Ndiyo, anaruhusiwa kumsindikiza hadi langoni. Hapo ndipo mwisho wake. Watahiniwa hutakiwa kuwa kwenye chumba cha mtihani nusu saa kabla ya muda wa kuanza, hivyo kama mtihani unaanza saa 2:00 asubuhi, mtoto anapaswa kuwa ndani ifikapo saa 1:30. Mzazi anashauriwa kuagana na mtoto mapema na kuondoka, kwa kuwa mkusanyiko wa watu na pikipiki langoni huwachelewesha watahiniwa wengine na kuleta kelele karibu na vyumba vya mtihani.

Swali: Mtoto akichelewa, je, mzazi anaweza kumwombea aingie?

Jibu: Mtahiniwa anayechelewa kwa zaidi ya nusu saa baada ya mtihani kuanza haruhusiwi kuingia katika chumba cha mtihani. Kwa mtihani ulioanza saa 2:00, mtoto aliyefika saa 2:20 anapaswa kupelekwa moja kwa moja kwa msimamizi bila kupoteza muda kwa maelezo marefu langoni. Ataufanya mtihani, lakini asitarajie kufidiwa dakika 20 alizopoteza. Akifika saa 2:40, ombi la mzazi halibadilishi kanuni. Hata hivyo, mtoto huyo asirudishwe nyumbani na kuachwa huko, kwa sababu masomo yanayofuata bado yapo mbele yake, na anatakiwa kuyafanya.

Swali: Kwa nini mzazi haruhusiwi kuingia hata kwa dakika chache, ilhali ni shule ya mtoto wake?

Jibu: Sababu ni usalama wa mtihani. Bahasha za mtihani hufika kituoni zikiwa zimefungwa, na hufunguliwa mbele ya watahiniwa wakati unaopangwa. Kuanzia hapo, mtu yeyote anayeingia au kutoka anaweza kubeba swali kwenda nje au jibu kuja ndani. Askari na wasimamizi hawana njia ya kumtambua mzazi aliyekuja kwa nia njema na mwingine aliyetumwa na mtu, na kwa hiyo katazo huwahusu wote. Hata wamiliki na walimu wa shule yenyewe hawaruhusiwi kuingilia majukumu ya wasimamizi.

Swali: Mtoto amesahau kitu muhimu nyumbani. Mzazi afanye nini?

Jibu: Kitu chochote kisipitishwe juu ya uzio, dirishani wala kwa mkono wa mwanafunzi mwingine. Mzazi akikabidhi kitu langoni, amweleze askari au mlinzi ni nini na ni cha mtahiniwa yupi, kisha amwachie msimamizi uamuzi.

Mfano ni mtoto mwenye pumu aliyeacha dawa yake ya kuvuta mezani. Mama anafika langoni mtihani ukiwa umeanza. Akimwita mtoto kwa jina kupitia dirishani, tayari amewasiliana na mtahiniwa aliye ndani ya mtihani, na msimamizi analazimika kulichukulia jambo hilo kama tukio. Akimweleza askari kuhusu ugonjwa, akatoa dawa pekee bila mkoba wala karatasi iliyoandikwa chochote, na akataja jina na shule ya mtoto, msimamizi ataikagua dawa na kuona namna ya kumfikishia. Njia bora zaidi ni uongozi wa shule kufahamishwa kuhusu ugonjwa huo siku kadhaa kabla ya mtihani, ili msimamizi aukute tayari katika taarifa anazopewa.

Swali: Je, mzazi anaweza kumpa mtoto simu ili ampigie akimaliza?

Jibu: Hapana. Simu hairuhusiwi katika chumba cha mtihani, hata kama imezimwa na hata kama ipo mkobani. Mtahiniwa anayebainika kufanya udanganyifu hufutiwa matokeo ya mtihani wote, si ya somo moja tu. Mzazi akubaliane na mtoto tangu nyumbani mahali pa kukutana na muda wa kukutana. Aidha, mzazi akague mifuko ya sare na mkoba wa mtoto kabla ya kuondoka nyumbani, kwani karatasi ya kujikumbushia iliyosahauliwa mfukoni inaweza kumletea matatizo makubwa.

Swali: Je, mzazi anaweza kuzungumza na mtoto kati ya somo moja na jingine?

Jibu: Watahiniwa hubaki chini ya uangalizi wa kituo hadi ratiba ya siku itakapokamilika. Kwa sababu hiyo, masuala ya chakula na maji yapangwe mapema kati ya wazazi na mwalimu mkuu, ili kusiwe na haja ya kila mzazi kuja na bakuli lake langoni.

Swali: Wenzake wametoka, mtoto wangu bado yupo ndani. Je, kuna tatizo?

Jibu: Si lazima. Watahiniwa wenye mahitaji maalumu huongezewa muda wa dakika 20 kwa kila saa katika somo la Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Kwa mtihani wa saa 2, mtoto mwenye uoni hafifu anaweza kutoka dakika 40 baada ya wenzake katika Hisabati, na dakika 20 katika somo jingine. Mzazi wake asigonge lango wala kuomba aharakishwe, kwa sababu muda huo ni haki ya mtoto.

Swali: Mtoto ameamka mgonjwa. Je, alazimishwe kwenda?

Jibu: Afya ya mtoto huja kwanza. Mzazi ampeleke katika kituo cha kutolea huduma za afya, amjulishe mwalimu mkuu siku hiyo hiyo, na atunze vyeti vya matibabu. Kanuni za Mitihani zinatoa fursa kwa mtahiniwa aliyeshindwa kufanya mtihani kwa sababu ya ugonjwa kuufanya mwaka unaofuata. Asiyetoa taarifa huonekana kuwa mtoro.

Swali: Mtu langoni anauza karatasi anazodai ni maswali au majibu. Mzazi afanye nini?

Jibu: Asinunue, asizipige picha na asizisambaze katika makundi ya simu. Kuvujisha mtihani ni kosa chini ya Sheria ya Baraza la Mitihani la Tanzania, Sura ya 107, na kuwa na karatasi hizo kunaweza kumweka mzazi mwenyewe matatani. Mara nyingi karatasi hizo ni za uongo, lakini mtoto anayekutwa na nakala yake hawezi kujitetea kwamba alipewa na baba. Mzazi atoe taarifa kwa askari aliyepo kituoni, polisi au ofisi ya elimu ya halmashauri.