Nguzo tano, kazi moja: Safisha majibu kabla ya kuchora chati

Tuseme kikundi chenu cha vijana hapa Gatina kimewauliza vijana 60 swali moja: unafanya kazi gani? Mnataka kumpelekea diwani ombi moja tu, ama mafunzo ya mjengo ama karo ya leseni za boda. Mmechora chati, na nguzo ndefu kuliko zote ni ya mjengo, watu 15. Mambo yameisha?

Ngoja kwanza. Angalia nguzo fupi zilizo kando: "Boda boda" 7, "bodaboda" 6, "boda" 4, "nduthi" 3. Kuna nyingine ya "boda boda " 4, ambayo mtu aligusa nafasi mwishoni na jicho lako halioni. Jumlisha: ni 24. Mlikuwa karibu kuombea watu 15 na kuwaacha 24, kisa tahajia.

Dawa yenyewe haina gharama. Kwenye Google Sheets, usiguse majibu ya awali. Kama yako safu ya B, andika hivi kwenye C2 kisha uivute hadi chini:

```
=LOWER(TRIM(B2))
```

TRIM huondoa nafasi za ziada, LOWER hugeuza herufi zote kuwa ndogo. Hapo "Boda boda" na "boda boda " zinaungana kuwa 11. Lakini kompyuta haijui kwamba nduthi ni boda. Hilo unalijua wewe mtu wa mtaa.

Kwa hivyo toa orodha ya majibu yote, kila moja mara moja, kwenye E2:

```
=UNIQUE(C2:C61)
```

Inakili orodha hiyo na uibandike papo hapo kwa Paste special, Values only, ili isisogee majibu yakibadilika. Kando yake, safu ya F, andika jina moja sahihi kwa kila jibu: nduthi ni Boda boda, bodaboda ni Boda boda. Halafu kwenye D2, uivute tena hadi chini:

```
=VLOOKUP(C2,E:F,2,FALSE)
```

Sasa chora chati kutoka safu ya D. Ukiona #N/A, kuna tahajia mpya ambayo haimo kwenye orodha yako, iongeze. Hesabu jumla pia. Ilikuwa 60, lazima ibaki 60.

Ila usiunganishe kila kitu kwa pupa. Wawili waliandika "fundi" tu. Fundi wa mjengo? Wa cherehani? Wa simu? Ukiwasukuma kwa mjengo, umewajibia. Kama unaweza kuwapata, waulize. La sivyo, waachie nguzo yao, "Fundi (haijulikani)". Hata wote wawili wangekuwa wa mjengo, ni 17 dhidi ya 24, na ombi lenu linabaki la leseni.

Je, chati yako ya mwisho ilikuwa na nguzo ngapi za kitu kimoja? Irudie uhesabu.