Deni la msingi lililolipwa kati ya marejesho mawili

Kila rejesho la mkopo wa riba kwa salio linalopungua hubeba vitu viwili: riba ya mwezi uliopita na kipande cha deni la msingi. Mwenye duka anayefunga hesabu za mwaka hana budi kuvitenganisha, kwa kuwa riba huingia kwenye gharama za biashara, ilhali deni la msingi haliingii. Jedwali la marejesho humpa jibu, lakini si lazima liandikwe lote. Masalio mawili yanatosha.

Sababu ni kwamba salio la mkopo hupungua kwa kiasi kilekile cha deni la msingi kilicholipwa, basi. Riba hulipwa na kuisha mwezi huohuo. Kwa hiyo deni la msingi lililolipwa kuanzia rejesho la a hadi la b ni salio baada ya rejesho la a − 1, kutoa salio baada ya rejesho la b. Salio lenyewe hupatikana hivi:

```
S(k) = R × [1 − (1 + i)^−(n − k)] ÷ i
```

Hapa R ni rejesho la mwezi, i ni riba ya mwezi, n ni idadi ya marejesho yote, na k ni yaliyokwisha kulipwa.

Tuseme mkopo ni shilingi 10,000,000 kwa miezi 36, na riba ni asilimia 18 kwa mwaka, yaani 0.015 kwa mwezi. Rejesho ni shilingi 361,524. Mwaka wa pili huanza na rejesho la 13 na kuishia la 24. Baada ya rejesho la 12 yamebaki 24, na kikokotoo hutoa salio la 7,241,471. Baada ya la 24 yamebaki 12, na salio ni 3,943,324. Tofauti yake, 3,298,147, ndiyo deni la msingi lililolipwa mwaka huo. Marejesho 12 ni jumla ya 4,338,288, hivyo riba ni 1,040,141.

Wengi hukosea pale wanapoanza na salio baada ya rejesho la 13. Jibu huwa 3,045,245, pungufu kwa 252,902, ambazo ni deni la msingi la rejesho la 13 lenyewe. Kosa hili ni rahisi kulibaini: riba ya rejesho la 13 ni asilimia 1.5 ya salio la kuanzia, yaani 108,622, na ikitolewa kwenye 361,524 hubaki hizohizo 252,902.

Kanuni hii hudai riba isiyobadilika na marejesho sawa yanayolipwa kwa wakati. Mkopaji akipunguza deni kwa mkupuo katikati ya kipindi, hesabu ikatwe hapo na ianze upya kwa salio jipya. Mkopo ambao riba yake hutozwa kila mwezi juu ya kiasi cha awali hauhusiki kabisa. Dalili yake ni kwamba sehemu ya riba katika kila rejesho haibadiliki, na deni la msingi la kila mwezi ni mkopo uliogawanywa kwa idadi ya miezi.