Seri gani ile, yenye wachimbaji kutumika bila nguo?

Mwenzetu mmoja wa sendika alitaka kuonyesha watu wa shimo seri moja, mbele ya kikao juu ya hewa kule chini. Jina lilimutoka. Alikumbuka tu: wachimbaji wanachimba chini ya santrali ya nikleeri, joto linawashinda, wanatoa nguo zote. Mwaka, 1986.

Siye tulikimbilia "Dark", seri ya Wajeremani. Mwaka 1986 uko mule, santrali iko, na pango pia. Tukamuuliza: kuna watoto wenye kupotea? Watu wanapita toka mwaka mumoja kuenda mwengine? Akasema apana, yake haina maajabu, ni mambo yaliyotokea kweli. Basi mwaka ulitudanganya; aina ya hadisi njo iliyotenganisha.

Tukauliza juu ya mahali. Maandishi ya ukutani yalikuwa ya namna gani? Ya Kirusi, akasema. Kisha akacheka: "Minisitiri anafika na koti safi, wachimbaji wanapita wanamupangusa mikono yenye makaa!" Hapo tukajua: "Chernobyl", ya mwaka 2019, vipande 5 tu. Wale ni wachimbaji wa Tula. Midomo inasema Kiingereza, ao Kifaransa kama imetafsiriwa, kwa hiyo luga isikupoteze.

Tazameni kipande cha 3, lakini watoto walale kwanza. Mule ventilateri zinakatazwa, zisirushe vumbi lenye sumu, na wachimbaji wanaelezwa hivyo. Kwetu ventilateri zinakosa, na hakuna aliyetueleza sababu.