Asilimia Kumi Haipimi Hatari ya Mradi

Kila muhula, kazi ya bajeti ya mtaji inapokaribia kukusanywa, swali ni lilelile: "Mwalimu, kwenye uchambuzi wa unyeti nibadilishe kwa asilimia ngapi, kumi au ishirini?" Maafisa mikopo wenye uzoefu wa miaka huniuliza pia, na andiko la mradi mezani kwao huwa na jedwali lilelile. Kila kigezo kimepandishwa kwa kumi na kushushwa kwa kumi, kisha chini pameandikwa kwamba bei ya kuuzia ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Swali lenyewe halina jibu, kwa sababu hakuna asilimia moja inayofaa kila kigezo. Ukisisitiza kuipata, utafanya hesabu sahihi na kufikia uamuzi mbaya.

Tuchukue mradi mdogo ambao mwanafunzi anaweza kuukokotoa kwa mkono. Mtu anataka kuweka mashine ya kukamua alizeti Singida. Mashine, banda na kuvuta umeme vinagharimu shilingi milioni 60. Mradi utadumu miaka 5, mwishoni mashine haina thamani, na kiwango cha punguzo ni asilimia 15. Kodi tuiweke kando ili hesabu isikae mbali na hoja.

Atanunua tani 150 za mbegu kwa mwaka kwa shilingi 900 kwa kilo. Kila tani itampa lita 280 za mafuta atakazouza kwa shilingi 4,000 kwa lita, pamoja na kilo 600 za mashudu kwa shilingi 400 kwa kilo. Umeme, vibarua na madumu ni shilingi 160,000 kwa tani. Mafuta na mashudu vya tani moja vinaleta shilingi 1,360,000. Toa mbegu na gharama za kukamua, inabaki 300,000. Kwa tani 150 hiyo ni milioni 45. Mishahara, pango na ulinzi ni milioni 22 kwa mwaka, kwa hiyo fedha halisi inayobaki ni milioni 23 kila mwaka.

Kwa asilimia 15, shilingi moja inayopatikana kila mwaka kwa miaka 5 ina thamani ya leo ya shilingi 3.352. Ukizidisha kwa milioni 23 unapata milioni 77.1. Toa mtaji wa 60, na thamani halisi ya sasa ni milioni 17.1. Mradi unapita. Hapo ndipo wengi wanapotoa lile jedwali la kumi.

Jedwali litasema hivi. Bei ya mafuta ikishuka kwa asilimia 10, thamani ya mradi inaanguka hadi hasi milioni 39. Bei ya mbegu ikipanda kwa asilimia 10, hasi milioni 28. Tani zikipungua kwa asilimia 10, mradi bado una faida ya milioni 2. Gharama ya mtaji ikipanda kwa asilimia 10, bado milioni 11. Mwanafunzi ataandika kwamba hatari iko kwenye bei ya mafuta, na kwamba kiasi cha mbegu hakitishi.

Sasa tazama namba hizo zimetoka wapi. Mauzo ya mafuta ni milioni 168 kwa mwaka, na thamani yake ya leo kwa miaka 5 ni milioni 563. Asilimia 10 ya 563 ni 56, na ukitoa 56 kwenye 17 unapata hasi 39. Ndiyo hesabu yote. Jedwali la kumi limepanga mistari ya bajeti kwa ukubwa wake, mstari mnene juu na mwembamba chini. Mpangilio huo ungeweza kuuandika kabla ya kujua lolote kuhusu alizeti, Singida au mvua. Ungetumia ishirini badala ya kumi, mpangilio ungebaki uleule. Anayeuliza achague ipi anauliza jambo lisilobadilisha kitu.

Hatari ina sehemu mbili: kigezo kikisogea kitaumiza kiasi gani, na kinaweza kusogea umbali gani. Jedwali la kumi linajibu ya kwanza na kuifuta ya pili, kwa kudai kwamba kila kitu duniani husogea sawa. Mashine yenye ankara kifani na bei iliyokubaliwa haitapanda kwa asilimia 10 bila sababu. Mbegu zinazopatikana, zikitegemea mvua za msimu mmoja, zinaweza kupungua kwa asilimia 40. Weka 40 kwenye tani za mradi huu: zinabaki tani 90, fedha ya mwaka inashuka hadi milioni 5, na thamani ya mradi ni hasi milioni 43. Kigezo ambacho jedwali lilikiita salama kimeuangusha mradi zaidi kuliko ile bei iliyowekwa juu ya orodha.

Njia sahihi inaanzia upande wa pili. Kwanza tafuta kila kigezo kinaweza kusogea kiasi gani kabla thamani halisi ya sasa haijafika sifuri: gawanya thamani ya mradi kwa thamani ya leo ya mstari unaobadilika. Mafuta ni 17.1 kwa 563, yaani asilimia 3, au karibu shilingi 121 kwa lita. Mbegu ni karibu asilimia 4, yaani shilingi 34 kwa kilo. Kwa tani unatumia thamani ya leo ya kile kinachobaki kwa kila tani, si ya mauzo, na hapo unapata asilimia 11, au tani 133 kwa mwaka. Mtaji unaweza kupanda kwa zaidi ya asilimia 28. Kisha, kwa kila namba, uliza kama kigezo hicho kimewahi kusogea zaidi ya hapo, na ulete ushahidi: bei za misimu iliyopita, daftari la wanunuzi wa jirani, ankara, mkataba. Safu hiyo ya ushahidi ndiyo uchambuzi. Bila hiyo umefanya kugawanya tu.

Ushahidi ukishaletwa, unaona tatizo la pili, ambalo asilimia yoyote haiwezi kulitibu. Uchambuzi wa unyeti unasogeza kigezo kimoja na kuvifunga vingine vyote. Ile hasi milioni 39 inadai kwamba mafuta yameshuka kwa asilimia 10 kwa miaka yote 5, na mkamuaji ameendelea kununua mbegu kwa 900 kana kwamba hakuna kilichotokea. Sokoni haiendi hivyo. Mafuta ya alizeti yanashindana na mawese yanayoagizwa kutoka nje. Aprili 2022 Indonesia ilipozuia kuuza nje mafuta ya mawese, kisha ikafungua tena mwezi uliofuata, msukumo wa bei haukuwahusu wauza mafuta peke yao. Bei ya mafuta ikibadilika, mnunuzi wa mbegu naye hubadilisha bei anayompa mkulima.

Hapo ndipo uchambuzi wa senario unapoingia. Unachagua tukio moja lenye sababu, kisha unafuata sababu hiyo hadi kwenye kila kigezo inachokigusa. Wanafunzi wengi hapa pia wanaandika "nzuri, kawaida, mbaya" na kusogeza kila kitu kwa asilimia 10 upande mmoja. Hiyo ni ile ile asilimia kumi iliyobadilishwa jina.

Chukua tukio la mafuta ya nje kufurika. Lita inashuka hadi 3,600. Mbegu nazo zinashuka, tuseme hadi 820 kwa kilo. Kinachobaki kwa tani ni shilingi 268,000, fedha ya mwaka ni milioni 18.2, na thamani ya mradi ni milioni 1, juu kidogo ya sifuri. Anguko la 39 limetoweka. Lakini mbegu zikishuka hadi 850 tu, thamani inakuwa hasi milioni 14. Kwa mafuta ya 3,600, mstari wa kufa na kupona ni mbegu ya shilingi 822. Kwa hiyo swali la maana kwa mkamuaji ni hili: bei ya mafuta ikishuka kwa shilingi 400, je, mkulima atakubali kubeba shilingi 78 kwa kila kilo? Na akikubali msimu huu, msimu ujao atapanda alizeti au atahamia zao jingine? Jedwali la kumi haliwezi hata kuliuliza.

Tukio la pili ni ukame. Mbegu zinaadimika hadi tani 90, bei yake inapanda hadi 1,000, na mafuta yanapanda hadi 4,200 tu kwa sababu mawese yanaizuia bei isiende juu zaidi. Mwaka huo mkamuaji anabaki na milioni 1. Ukame ukipiga mwaka wa 2 peke yake, mradi unamaliza miaka yake na thamani ya nusu milioni. Ukipiga mwaka wa 2 na wa 4, ni hasi milioni 12. Ile hasi milioni 43 ya juu ilihitaji upungufu wa mbegu miaka 5 mfululizo. Senario ina miaka, na mwanafunzi asiyeandika tukio limetokea mwaka gani hajaeleza tukio.

Yaliyobaki kwa ajili ya kazi yenu ni mafupi. Kwenye Excel, hali ya kawaida ya mradi huu, kwa milioni, ni:

```
=PV(15%,5,-23)-60
```

Miaka ikitofautiana tumieni NPV, lakini mtaji wa mwaka wa sifuri ukae nje ya mabano, kwa sababu NPV hupunguza thamani ya kila namba iliyo ndani, hata ya kwanza. Goal Seek itawapa mahali pa sifuri kwa kila kigezo. Msipandishe kiwango cha punguzo kwenye senario mbaya. Hatari mmeshaiweka kwenye fedha, mkiiweka tena mnaihesabu mara mbili. Msigawanye uwezekano theluthi theluthi kwa senario tatu ili mpate wastani, kama hakuna kinachoonyesha kwamba zina nafasi sawa. Na msisahau lita kwa tani: zikishuka kutoka 280 hadi 260 kwa mbegu dhaifu, mradi unapoteza milioni 40 za thamani ya leo bila bei yoyote kubadilika.

Mradi huu ukiletwa kwangu ulivyo, siupitishi. Namrudishia mwenyewe hadi alete bei za mbegu na za mafuta kwa misimu 5 iliyopita, zikiwa zimepangwa bega kwa bega, pamoja na makubaliano ya maandishi na wakulima kwa angalau tani 133 kwa mwaka.