Kumi na Ishirini Zinapokuwa Ishirini na Nane

Tuchukue mfano wa kamati ya ujenzi ya shule inayotafuta mabati 120. Kotesheni ya duka la kwanza inasema bati moja ni shilingi 38,000, kwa hiyo jumla ni 4,560,000. Chini ya jumla hiyo kuna mistari miwili inayofurahisha: punguzo la asilimia 10 kwa kununua kwa wingi, kisha punguzo la asilimia 20 kwa kulipa taslimu. Mwenyekiti anajumlisha kichwani, anapata 30, na kwenye bajeti anaandika kwamba mabati yatagharimu 3,192,000. Siku ya kulipa, mhasibu wa duka anataja 3,283,200.

Zimezidi 91,200. Kwa bei hiyo ya punguzo, fedha hizo zinanunua mabati matatu na chenji inabaki. Hapo ndipo maneno huanza: duka limegeuka, au aliyetumwa kuleta kotesheni ana cha juu. Wakati mwingine shutuma hizo humwangukia mtu asiye na kosa lolote, kwa sababu hesabu ya duka ni sahihi na ya mwenyekiti ndiyo iliyopotoka.

Asilimia haina ukubwa wake yenyewe mpaka ijulikane ni asilimia ya kitu gani. Asilimia 10 ya 4,560,000 ni 456,000, na ikitolewa inabaki 4,104,000. Punguzo la pili sasa linaikuta bei hii iliyokwisha kushuka. Asilimia 20 yake ni 820,800, wakati mwenyekiti alitegemea 912,000, yaani asilimia 20 ya bei ya mwanzo. Tofauti kati ya hizo mbili ni zile 91,200. Nazo ni asilimia 20 ya zile 456,000 zilizoondolewa mwanzoni: fedha ambazo mnunuzi hadaiwi tena, kwa hiyo haziwezi kupunguzwa mara ya pili.

Njia salama ni kuacha kuhesabu kinachotolewa na kuhesabu kinachobaki. Ukitoa asilimia 10, inabaki 90, yaani 0.9. Ukitoa 20, inabaki 80, yaani 0.8. Kwenye simu ya kawaida bonyeza 4560000 × 0.9 × 0.8, na 3,283,200 inatokea hapohapo. Zidisha 0.9 kwa 0.8 peke yake upate 0.72: mnunuzi analipa asilimia 72 na amepunguziwa 28. Kwa asiye na simu mkononi, jumlisha mapunguzo mawili, kisha ondoa zao lake lililogawanywa kwa 100. Kumi na ishirini ni 30. Kumi mara ishirini ni 200, gawanya kwa 100 upate 2. 30 ukitoa 2 ni 28.

Watu hubishana sana kuhusu lipi litangulie, la 10 au la 20. Ubishi huo hauna faida, maana 0.8 mara 0.9 nayo ni 0.72. Mpangilio huanza kuwa na uzito pale punguzo mojawapo linapokuwa la shilingi kamili. Duka likisema linatoa asilimia 10 na pia linaondoa shilingi 200,000, mnunuzi anapata nafuu zaidi asilimia ikitangulia, kwa sababu inakatwa kwenye fedha nyingi zaidi.

Kosa la kujumlisha si la wasiosoma. Mwaka 2007 watafiti Haipeng Chen na Akshay Rao walichapisha utafiti katika jarida la kitaaluma la masuala ya walaji, wakionyesha kwamba watu hujumlisha asilimia zinazofuatana kana kwamba zote ni za kiasi kimoja. Ndiyo maana bango la punguzo juu ya punguzo huvuta wateja kuliko punguzo moja la thamani ileile. Muuzaji hajadanganya, lakini anajua jicho la mteja litasoma nini.

Hata hivyo, kuna wauzaji ambao kweli humaanisha 30. Wengine hutoa mapunguzo yote mawili kwenye bei ya kwanza, na hilo ni suala la makubaliano. Karatasi isipoeleza, swali la kuuliza kaunta kabla ya kutoa hela ni moja tu: “Kaka, hii ishirini unaikata kwenye bei ya kwanza au kwenye iliyobaki?” Jibu liandikwe kwenye kotesheni yenyewe, kwa sababu anayepokea fedha wiki ijayo huenda si yule aliyejibu leo.

Baada ya hapo jicho lishuke kwenye mstari wa Kodi ya Ongezeko la Thamani, VAT, ambao kwa kweli huficha fedha nyingi kuliko punguzo lenyewe. Tuseme bei za duka hili hazijajumuisha kodi, na kiwango ni kile cha kawaida cha Tanzania, asilimia 18. Kodi inapaswa kukokotolewa kwenye bei anayotozwa mnunuzi baada ya punguzo: asilimia 18 ya 3,283,200 ni 590,976, na jumla inakuwa 3,874,176. Sasa aliyeandaa karatasi akikokotoa kodi kwenye 4,560,000 kabla ya kupunguza, kodi inakuwa 820,800 na jumla inafika 4,104,000. Mnunuzi anapoteza 229,824, zaidi ya mara mbili ya zile 91,200 zilizozua ugomvi. Kosa hili hutokea kirahisi pale mapunguzo yanapoandikwa chini ya mstari wa kodi badala ya juu yake, na kulitambua kunahitaji kugawanya mara moja tu. Gawanya kodi kwa bei iliyobaki baada ya mapunguzo. Ikija 0.18, sawa. Ikija 0.25, kama hapa, karatasi irudishwe.

Duka la pili linatoa punguzo moja la asilimia 25, na mjumbe anataka kuliondoa mezani kwa sababu 25 ni ndogo kuliko 28. Lakini bei yake ya kuanzia ni 36,000 kwa bati. Ukizidisha kwa 0.75 unapata 27,000, wakati duka la kwanza, 38,000 mara 0.72, linafika 27,360. Kwa mabati 120, duka lenye punguzo dogo ni nafuu kwa 43,200, mradi bei zake nazo ni kabla ya kodi. Na mradi bidhaa ni ileile: geji ya mabati husomwa kinyume, kwa hiyo bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28, na nafuu ya duka la pili inaweza kuwa imetoka kwenye unene wa bati. Urefu nao uangaliwe, pamoja na usafiri na misumari, ambavyo mara nyingi haviguswi na punguzo hata kidogo.

Kwa hiyo kwenye meza ya kamati, kila kotesheni iandikiwe pembeni namba moja kwa kalamu: bei halisi ya bati moja, baada ya mapunguzo yote na baada ya kodi. Duka la kwanza ni 3,874,176 gawanya kwa 120, yaani shilingi 32,284.80. La pili ni 27,000 mara 1.18, yaani 31,860. Wajumbe sasa wanalinganisha shilingi kwa shilingi, na asilimia zinaweza kubaki kwenye karatasi za wenye maduka.