Maziwa hayaongezi makamasi, na pombe ya moto haiui mafua

Mafua yakiingia nyumbani, ushauri huwa tayari hata kabla dawa haijatafutwa. Mtoto ananyimwa maziwa kwa sababu eti yatamjaza makohozi. Baba naye anachanganyiwa pombe kali na maji ya moto, limau, tangawizi na asali, ili virusi vife. Imani zote mbili zinaweza kupimwa, na vipimo vyake vinaeleza mengi kuhusu yanayotokea puani na kooni.

Ile ya maziwa ni ya kale. Musa bin Maimun, tabibu aliyeishi Misri katika karne ya 12, aliitaja alipoandika kuhusu ugonjwa wa pumu. Lakini jaribio linalokumbukwa zaidi lilifanyika Adelaide, Australia, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1990. Watu wazima 60 waliokuwa na afya njema walikubali kuambukizwa virusi vya mafua kwa makusudi. Kwa siku kumi waliandika maziwa na vyakula vya maziwa walivyotumia. Wengine hawakunywa maziwa kabisa, wengine walifikisha hadi glasi 11 kwa siku. Karatasi walizopengea hazikutupwa: zilikusanywa na kupimwa uzito, ili makamasi yahesabiwe kwa gramu badala ya kukisiwa.

Uzito huo haukuonyesha uhusiano wowote na maziwa. Kilichojitokeza ni kwamba wale walioamini tangu awali kuwa maziwa huleta makamasi walilalamika zaidi juu ya kikohozi na pua kuziba, ingawa makamasi yao hayakuwa mengi kuliko ya wenzao.

Je, ule utando mzito kooni baada ya kunywa maziwa ni wa kufikirika tu? Hapana, upo. Maziwa yana matone madogo ya mafuta, na yakikutana na mate huwa mazito na kubaki kooni kwa muda. Ute huo haukutoka kifuani. Watafiti walirudi na jaribio la pili mwaka 1993, wakawapa watu 125 vinywaji viwili vyenye ladha moja ya kakao na minti, kimoja cha maziwa ya ng'ombe na kingine cha soya. Ladha ilificha tofauti, na waliokunywa soya walisikia utando uleule kooni.

Kwa pombe, hesabu yenyewe inatosha. Ili pombe iue virusi vizuri mikononi, kitakasa mikono kinahitaji kuwa na kileo cha angalau asilimia 60. Chukua mililita 50 za pombe kali ya asilimia 40, kisha ongeza maji ya moto mpaka kikombe kifike mililita 250. Kileo kilichobaki ni asilimia 8. Kikishamezwa, kinasambaa katika lita zipatazo 40 za maji ya mwili wa mtu mzima, na hapo kinakuwa asilimia 0.05 tu, yaani zaidi ya mara elfu moja pungufu ya kinachohitajika. Damu ikifikia asilimia 0.4 ya kileo, mtu anaweza kufa. Mnywaji atatangulia kufa kabla ya virusi. Tena virusi vya mafua huzaliana ndani ya chembe hai za ngozi laini ya pua, mahali ambapo kinywaji kinachoelekea tumboni hakipiti.

Aprili 2020, gavana wa Nairobi wakati huo, Mike Sonko, alitangaza kuweka chupa za Hennessy katika misaada ya chakula, akisema ni za kutakasa koo dhidi ya korona. Watengenezaji wenyewe walijitokeza kueleza kwamba kinywaji chao hakimkingi mtu na virusi hivyo.

Nafuu anayoipata mgonjwa ni ya kweli, ila inatokana na joto la kikombe. Chuo Kikuu cha Cardiff, Wales, kilijaribu mwaka 2008 kwa wagonjwa 30 wa mafua, kikitumia sharubati ya matunda isiyo na kileo. Iliponywewa ya moto, ilipunguza mara moja kikohozi, chafya, maumivu ya koo, baridi na uchovu. Hata hivyo, kipimo cha hewa inayopita puani hakikubadilika. Kileo kwa upande wake hutanua mishipa ya damu, na kwa watu wengine huzidisha kuziba kwa pua.

Kwa hiyo mtoto mwenye mafua anayekataa ugali lakini anakubali maziwa au uji wa maziwa, apewe. Anayepaswa kuachishwa ni mwenye mzio wa maziwa: huyo hutokwa na vipele, huvimba midomo, hutapika au huhema kwa shida baada ya kuyanywa, na anahitaji daktari. Mtu mzima anaweza kunywa limau, tangawizi na asali ya moto bila pombe, hasa akiwa ametumia parasetamoli, kwa kuwa dawa hiyo na pombe nyingi huweza kuumiza ini. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwa sababu inaweza kubeba bakteria wanaotengeneza sumu hatari tumboni mwake.